"Ni lazima kwa wote" haitoshi: kugeuza kikumbusho cha WhatsApp kuwa tangazo la mafunzo

*"Mimi ni afisa rasilimali watu msaidizi katika kiwanda cha vifungashio, Tanzania. Tuko 70: 48 zamu ya mchana (saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni) na 22 zamu ya usiku (saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi). Meneja alituma hivi kwenye kundi la WhatsApp: 'Wapendwa, msisahau Alhamisi ile semina ya moto. Ni lazima kwa wote, saa 2 pale ukumbini. Njooni na vitu vyenu. Ukikosa usije kumlaumu mtu.' Walikuja 31. Semina inarudiwa mwezi wa nne na nimeambiwa niandike tangazo rasmi, kisha waliokosa ile ya kwanza waadhibiwe. Mimi lugha nzito ya kiofisi siiwezi. Nianzie wapi?"*

Lugha nzito iache, ndugu yangu. Tangazo huwa rasmi kwa sababu lina mwenye mamlaka aliyelitoa, lina tarehe, na linamwambia msomaji jambo ambalo baadaye hawezi kusema hakuambiwa. Ukianza na "Kwa mujibu wa mada tajwa hapo juu, watumishi wote mnaarifiwa kwamba", umetumia mstari mzima na msomaji bado hajui aje wapi. Vivyo hivyo na ukali. Kuongeza "bila kukosa" na alama tatu za mshangao hakumfikishi ukumbini mtu ambaye hajaelewa kama yeye ni mmoja wa wanaoitwa.

Ujumbe wa meneja wako si mbaya kama kikumbusho. Kikumbusho humzungumzia mtu ambaye tayari ana habari kamili, kwa hiyo kinaweza kusema "ile semina" na "pale ukumbini" kikaeleweka. Shida ni kwamba kwenu hakukuwa na tangazo lililokitangulia, kwa hiyo kikumbusho kikabebeshwa kazi isiyo yake. Aliyekaa ofisini na kusikia mipango aliziba mapengo yote kichwani bila kutambua kwamba yapo. Mtu wa zamu ya usiku, kibarua aliyeanza wiki hiyo, au fundi asiyekuwamo kwenye kundi, kila mmoja aliziba kwa namna yake, na binadamu huziba pengo kwa jibu linalompunguzia usumbufu.

Tuupitie ujumbe wenyewe. "Saa 2" ni saa mbili asubuhi kwa wengi wetu, lakini anayefuata saa ya simu yake anaweza kusoma saa nane mchana, na mtu wa zamu ya usiku ana haki ya kuuliza kama ni saa mbili usiku kabla hajaingia kazini. "Alhamisi" bila tarehe ni Alhamisi ya siku ujumbe ulipofunguliwa, na ukisambazwa upya wiki inayofuata unakuwa Alhamisi nyingine. "Wote" kwa mtu wa usiku humaanisha wote waliopo kazini wakati huo. "Semina ya moto" humfanya mwenye cheti cha huduma ya kwanza aseme hayo ameshafundishwa. "Vitu vyenu" havina maana yoyote. Na "usije kumlaumu mtu" ni tishio lisilosema nini kitatokea, kwa hiyo kila mtu amejichagulia adhabu anayoweza kuivumilia.

Kabla hujaandika neno, hata hivyo, kuna hesabu ya kufanya, na hapa ndipo matangazo mengi ya mafunzo huharibika. Tangazo haliwezi kuwa wazi kuliko mpango uliopo nyuma yake. Mpango wenu wa saa mbili asubuhi una kasoro ambayo sentensi nzuri haitaificha.

Mtu wa usiku anatoka saa 12:00 asubuhi. Mkimsubirisha hadi saa 2:00, kisha mafunzo ya saa tatu, anaondoka saa 5:00 asubuhi na anatakiwa kurudi saa 4:00 usiku. Hapo amepumzika saa 11. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Mafunzo ambayo mwajiri ameyafanya ya lazima yahesabuni kuwa ni kazi. Kuyaita semina hakumpumzishi mtu. Basi tangazo lingemwamuru mfanyakazi afanye jambo linalokiuka sheria, na ukimwadhibu kwa kutolifanya, kesi umeishindwa kabla ya kuifungua.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kundi la usiku kuanza saa 12:30 asubuhi, mara tu baada ya zamu, na kumaliza saa 3:30. Wanapata saa 12 na nusu za kupumzika, na kazi pamoja na mafunzo ni saa 11. Ubaya wake ni uchovu: mtu aliyekesha hushika nusu ya anachofundishwa. Ya pili ni kuwafundisha jioni, saa 12:30 hadi saa 3:30 usiku, kabla ya zamu. Watakuwa wamelala, na saa za sheria zinatosha, lakini zoezi la kuzima moto kwa mtungi mtafanya gizani, na kwa watu wanaojifunza mimi silipendi hilo. Ya tatu ndiyo bora na ndiyo ghali: kuwaondoa kwenye zamu ya usiku ule na kuwaleta asubuhi kama wafanyakazi wa mchana. Kama uzalishaji hauruhusu, chukueni ya kwanza, mazoezi kwanza na maelezo marefu baadaye, pamoja na chai kabla ya kuanza.

Kwa njia ya kwanza na ya pili, zile saa tatu ni kazi ya ziada. Sheria hiyohiyo inataka kazi ya ziada ifanywe kwa makubaliano na ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa. Angalia mikataba yenu inasemaje juu ya kazi ya ziada kabla ya kuandika "lazima" kwa muda ulio nje ya zamu. Na malipo hayo yataje ndani ya tangazo. Nina hakika sehemu kubwa ya waliokosa mara ya kwanza ni watu waliodhani wanaombwa kutoa asubuhi yao bure.

Zamu ya mchana nayo haiwezi kuondoka mashineni yote kwa pamoja. Gaweni watu 48 katika makundi mawili ya 24. Mkufunzi mmoja anaweza kuwasimamia vizuri watu kama hao kwenye zoezi la mtungi, ambapo kila mmoja anapaswa kuushika mwenyewe. Kwa hiyo mna makundi matatu: A la usiku, B na C la mchana. A na B siku moja, C wiki inayofuata, na kundi C ndilo litakalopokea pia wa kundi B waliopata ruhusa ya kutohudhuria siku yao. Wa usiku msiwapeleke huko, maana saa zake zitawanyima zile saa 12 za mapumziko. Ukishakuwa na mpango huu mkononi, tangazo linajiandika lenyewe:

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Kumb. Na. RW/MAF/04/2026
Tarehe: 2 Aprili 2026

Mafunzo ya lazima: kuzuia moto, kutumia mtungi wa kuzimia moto na kutoka jengoni wakati wa dharura

Nani anahusika: Wafanyakazi wote 70 wa zamu ya mchana na ya usiku, wakiwemo vibarua na walio katika kipindi cha majaribio. Aliyehudhuria semina ya awali au mwenye cheti cha huduma ya kwanza anahusika pia, kwa sababu safari hii kila mtu atafanya zoezi la mtungi.

Lini:
Kundi A (zamu ya usiku): Alhamisi, 16 Aprili 2026, saa 12:30 asubuhi hadi saa 3:30 asubuhi, baada tu ya zamu iliyoanza Jumatano usiku.
Kundi B (zamu ya mchana): Alhamisi, 16 Aprili 2026, saa 4:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana.
Kundi C (zamu ya mchana): Alhamisi, 23 Aprili 2026, saa 4:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana.
Orodha ya majina ya kila kundi imebandikwa chini ya tangazo hili.

Wapi: Ukumbi wa chakula, ghorofa ya chini, jengo la ofisi. Zoezi la mtungi litafanyika kwenye uwanja wa kukusanyikia, nyuma ya maegesho ya malori.

Mahudhurio: Utasaini unapoingia na unapotoka. Asiyesaini mara zote mbili atahesabiwa hakuhudhuria. Atakayechelewa zaidi ya dakika 15 hataingia na atapangiwa siku nyingine, kwa sababu maelekezo ya usalama wa zoezi hutolewa mwanzoni. Mwenye sababu ya kutofika amweleze msimamizi wake kwa maandishi kabla ya saa 10:00 jioni, Jumatatu, 13 Aprili 2026. Wa kundi B atapangiwa kundi C. Wa kundi A au C atapangiwa tarehe nyingine. Anayepatwa na ugonjwa au msiba baada ya hapo amjulishe msimamizi mapema awezavyo na alete uthibitisho akirudi kazini. Asiyehudhuria bila ruhusa na bila sababu ataandikiwa barua ya kutakiwa kutoa maelezo.

Malipo: Kundi B na C watahudhuria ndani ya saa za kazi. Kundi A watalipwa saa tatu za kazi ya ziada.

Njoo na: kitambulisho cha kazi, kalamu. Vaa: viatu vya kufunika vidole, na nguo za pamba zisizoning'inia. Usivae nailoni wala kandambili. Daftari, maji na chai vitatolewa.

Afya: Mwenye pumu, mjamzito, au mwenye hali nyingine inayomzuia kukaribia moshi na unga wa mtungi, aione ofisi ya rasilimali watu kwa faragha kabla ya siku yake. Atahudhuria mafunzo lakini hatafanya zoezi.

Maswali: Ofisi ya rasilimali watu, au msimamizi wa zamu yako.

*(Saini)*
Meneja Rasilimali Watu

Utaona hakuna neno gumu hata moja, na bado hakuna atakayesema hili si rasmi.

Nieleze sababu za baadhi ya mistari, maana utahitaji kuitetea mtu atakapotaka kuipunguza. Saa nimeziandika kwa nukta mbili na kipindi cha siku kila mara, "saa 4:30 asubuhi", hata pale inapoonekana dhahiri. Kwa kundi la usiku nimeongeza "baada tu ya zamu iliyoanza Jumatano usiku", kwa sababu kwa mtu aliyeingia kazini Jumatano, asubuhi yake ya Alhamisi bado ni sehemu ya Jumatano. Usipomwekea maneno hayo, wengine watakuja Ijumaa.

Kichwa kinataja mambo matatu yatakayofundishwa badala ya "usalama". Msimamizi anayetakiwa kuwaachia watu 24 kwa saa tatu anataka kujua wanakwenda kufanya nini, na mfanyakazi akijua atashika mtungi mwenyewe anaelewa mara moja kwa nini mambo ya viatu na nguo yametajwa. Nailoni huyeyuka na kugandia ngozi ikishika moto, pamba haifanyi hivyo. Hili mwambieni msimamizi alieleze kwa mdomo kwa wanaovaa madira na mitandio, kwa heshima, na siku ile pawe na makoti ya kazi ya kuazima.

Kusaini mara mbili kunaudhi watu, lakini bila hivyo orodha yako inathibitisha tu kwamba mtu alifika kunywa chai. Ukitaka iwe na nguvu, andika saa ya kila saini, na mkufunzi asaini chini ya ukurasa baada ya kuhesabu vichwa. Dakika 15 za kuchelewa si adhabu. Dakika hizo ndizo mkufunzi huanza na salamu na utambulisho, na baada yake huingia kwenye mambo ambayo asiyeyasikia hapaswi kuusogelea moto.

Mstari wa barua ya kutoa maelezo ndio utakaobishaniwa. Wakubwa hupenda "atachukuliwa hatua kali za kinidhamu" au "atakatwa mshahara wa siku". Hilo la kwanza halisemi kitu, na la pili ni hatari, kwa kuwa makato ya mshahara yana masharti yake katika sheria hiyohiyo na tangazo la ubaoni haliwezi kuyaanzisha. Barua ya kutoa maelezo ni hatua halisi, inampa mtu nafasi ya kujieleza, na haikufungi mikono kabla ya kusikia sababu. Kama mna kanuni za nidhamu zilizoandikwa, tumia maneno yaliyomo humo humo. Wewe mwandishi wa tangazo huna mamlaka ya kutunga kosa jipya, na meneja naye hana kama kanuni hazimpi.

Tangazo likishasainiwa, libandikeni pale watu wanapotia saini ya kuingia kazini, si kwenye ubao wa ofisi ambako wa usiku hawapiti. Msimamizi wa kila zamu alisome kwa sauti mwanzoni mwa zamu, mara mbili katika wiki hizo mbili, na kila mtu asaini kwamba amesomewa. Karatasi hiyo ya saini ina uzito kuliko alama mbili za buluu kwenye simu, ambazo zinaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa, pengine na mtoto wa mwenye simu. Walinzi na wafanya usafi walioletwa na kampuni nyingine hawamo kwenye ile 70 yako na tangazo lako haliwabani. Waandikie waajiri wao barua, kwa kuwa moto hautauliza nani analipwa na nani.

WhatsApp itumike sasa, baada ya hayo, kwa kazi inayoiweza. Siku ya Jumanne andika: "Kundi A na B, mafunzo ya moto ni Alhamisi 16 Aprili. A saa 12:30 asubuhi, B saa 4:30 asubuhi, ukumbi wa chakula. Viatu vya kufunika. Maelezo yote yako kwenye tangazo RW/MAF/04/2026." Meneja akitaka kuongeza "wapendwa" na utani wake, aongeze, hakuna ubaya. Kisichoruhusiwa ni kubadilisha saa au mahali kupitia kundi. Mkufunzi akiahirisha, toa tangazo jipya lenye namba yake, linaloanza na "Tangazo hili linafuta tangazo Na. RW/MAF/04/2026", na ondoa la zamani ubaoni siku hiyohiyo. Matangazo mawili yenye saa tofauti yakikaa pamoja, kila mfanyakazi atafuata linalomfaa, na atakuwa sahihi.

Sasa wale 39 waliokosa mara ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba msiwaadhibu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinapozungumzia haki ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu zinauliza kama kanuni aliyoivunja ilikuwa wazi, kama aliijua au alitarajiwa kuijua, na kama inatumika sawasawa kwa wote. Kipimo hicho ni busara kukitumia hata kwa onyo la kawaida. Ujumbe ule haukuwa wazi, hamna ushahidi nani aliuona, na kwa wa usiku uliwataka waje kwa saa zinazogongana na mapumziko yao ya kisheria. Wapangeni tu upya.

Lakini meneja akishikilia, usibishane naye peke yako kwa karatasi hii. Nenda na nakala ya ujumbe, mikataba na kanuni zenu za nidhamu kwa afisa kazi wa mkoa wenu, au kwa wakili anayeshughulika na kesi za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kabla ya barua yoyote kutoka. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, katibu wake aone rasimu ya tangazo pia, hasa kifungu cha malipo ya kundi A. Na maudhui ya mafunzo yenyewe, idadi ya mitungi ya zoezi na mahali pa kuwashia moto, hayo mwite mtu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aje ayaone kiwandani kabla hujaandika "nyuma ya maegesho ya malori". Huenda akakuambia pale kuna tangi la dizeli karibu mno, na itabidi mstari huo ubadilike kabla ya saini.